Mfuko Una Lake, Roho Ina Lake

Juni 2008, siku chache baada ya hisa za Safaricom kuingia katika Soko la Hisa la Nairobi, mimi na binamu yangu tulinunua kiasi kimoja kwa bei moja. Serikali ilikuwa imeziuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na siku ile ya kwanza sokoni bei ikapita 7. Sisi zile foleni za shilingi 5 zilitupita, basi tukaambiana kwamba 7 nayo bado ni bei ya aliyewahi. Kila mmoja alichukua hisa 20,000. Hiyo ni shilingi 140,000 kwa kila mtu, ada ya dalali mbali.

Februari 2009 tuliuza, wote wawili, ndani ya wiki moja. Bei ilikuwa imeanguka hadi shilingi 3 hivi. Kila mmoja alirudi na kama 60,000, na 80,000 zikawa zimekwenda na maji. Waliotujua walisema ni kosa moja lililofanywa na watu wawili wa ukoo mmoja. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka mingi, hadi mpwa wangu aliponijia mwaka jana na swali lililonilazimu kuifukua habari ile upya.

Ukweli ni kwamba tuliuza kwa sababu mbili ambazo hazikuwa na undugu wowote.

Mimi nilikuwa karani mwenye mshahara wa 34,000 kila mwisho wa mwezi. Niliishi Majengo katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, sikuwa na mtoto wala deni, na katika chama chetu cha akiba na mikopo nilikuwa na fedha nyingine ambazo sikuzigusa. Hizo 80,000 zilikuwa mshahara wa miezi miwili na siku kadhaa. Kuniuma ziliniuma, lakini hakuna sufuria iliyokosa kupanda mekoni kwa sababu yake. Zaidi ya hapo, sikuwa na kazi na ile fedha kwa miaka kumi mbele. Kama kungekuwa na kipimo cha kupima nani Mombasa anaweza kupoteza shilingi 80,000 na maisha yakaendelea, ningefaulu vizuri.

Nilichokosa ni usingizi. Kila asubuhi nilinunua gazeti na kufungua ukurasa wa bei za hisa kabla hata ya tanzia. Nilizidisha bei kwa 20,000 pembeni mwa ukurasa kwa kalamu, nikatoa kutoka 140,000, nikaandika kilichopotea, na kila siku tarakimu ilinenepa. Kazini nilikosea hesabu. Nilimkemea mtu aliyeniuliza saa. Siku niliyompigia dalali kumwambia auze, sikuwa na haja ya hata senti moja ya fedha ile. Nilikuwa nanunua usingizi.

Binamu yangu yeye alilala fofofo. Aliuza mitumba Kongowea, na mtu anayenunua robota lililofungwa bila kujua ndani mna nini amezoea kubahatisha tangu asubuhi. Bei iliposhuka hadi 5 alicheka. Iliposhuka hadi 4 alisema wenye roho nyepesi wanawaachia wanaume, na mimi nikajua anamsema nani. Lakini ile 140,000 yake ilikuwa nusu ya mtaji wa duka. Alikuwa na watoto wawili shuleni. Na mkewe hakuambiwa.

Ule ulikuwa mwaka wa shida kila upande. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimeitingisha nchi, ukame ukafuata na bei ya unga ikapanda, na huko nje mabenki makubwa ya dunia yalikuwa yakianguka. Watu wakipungukiwa hawanunui shati la pili, hata la mtumba. Biashara ya binamu ikalegea katika miezi ile ile ambayo hisa zake zilikuwa zikilegea. Februari mwanawe mkubwa alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Ndipo mke akajua. Ndipo binamu, ambaye roho yake haikuwa imetikisika hata kidogo, akauza kwa shilingi 3 kitu alichoamini kwa dhati kwamba kitapanda.

Na kilipanda. Mwisho wa 2013 hisa ile ilikuwa imevuka shilingi 10, na mwaka 2021 ikavuka 40 kabla ya kuporomoka tena hadi chini ya 15 mwaka 2023. Binamu alikuwa sahihi kuhusu kampuni. Hakuwa sahihi kuhusu karo.

Haya ndiyo maswali mawili ambayo watu huyafunga pamoja kwa neno moja la ujasiri. Swali la kwanza ni la mfuko: nikipoteza kiasi hiki, ni kitu gani maishani kitasimama? Swali la pili ni la roho: nikikiona kiasi hiki kikiyeyuka, nitaweza kukaa na mikono yangu mapajani? Mimi mfuko uliruhusu, roho ikakataa. Binamu roho iliruhusu, mfuko ukakataa. Na soko halijali. Kila mmoja lilimpa shilingi 3.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Anafanya kazi katika hoteli huko Diani, na kwa miaka kadhaa amejiwekea shilingi 600,000. Hicho si kitu kidogo kwa mtu wa mshahara wake, na namvulia kofia. Alikuwa amekwenda kwa dalali, akajaziwa fomu ya maswali kumi hivi: bei ikishuka kwa asilimia 20 utafanya nini, utauza, utasubiri au utaongeza? Alijibu kwamba angeongeza. Fomu ikamwambia kwamba yeye ni mwekezaji jasiri, na akapendekezewa aweke karibu fedha zote kwenye hisa.

“Mjomba,” aliniambia, “nimefaulu.”

Nilimuuliza fomu ile iliuliza nini kuhusu mvua za masika. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mzee.

Lakini mfanyakazi wa hoteli wa Pwani anajua mvua za masika ni nini. Wageni huadimika, vyumba hufungwa, na wasio na mkataba wa kudumu huambiwa wapumzike nyumbani. Na kuna jambo zito kuliko masika. Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa nchini tarehe 13, bei za hisa Nairobi zilianguka, na katika majuma hayo hayo hoteli zilianza kufunga milango na kuwarudisha watu makwao. Mpwa wangu alikaa nyumbani miezi saba. Kama fedha zake zingekuwa kwenye hisa wakati ule, angelazimika kuziuza kwa bei ya siku ile ile ambayo kila mwenye shida alikuwa akiuza. Ndiyo habari ya mitumba na hisa za binamu, imebadilika mavazi tu. Mfuko si kitu cha kupimwa siku ya mshahara. Unapimwa kwa kufikiria siku ambayo mshahara na akiba vyote viwili vimeugua pamoja, kwa kuwa mara nyingi huambukizana.

Tuliketi barazani na karatasi. Matumizi yake ya mwezi, kodi ya nyumba, chakula, nauli na anachomtumia mama yake, yalikuwa 35,000. Nilitaka tuhesabu miezi sita. Yeye alisema mitatu inatosha, kisha akakumbuka ile saba ya korona, tukakubaliana sita. Hiyo ni 210,000, na haikai kwenye hisa wala ardhi wala kwa rafiki. Inakaa mahali ambapo ukiiomba Jumatatu unaipata kabla ya Ijumaa. Kisha kuna mdogo wake aliye chuoni, ambaye Septemba atahitaji 150,000. Fedha yenye tarehe si ya kubahatisha, hata kama roho yako ni ya chuma, maana soko halijui tarehe hiyo. Hii tuliiona inafaa hati za hazina za siku 182, zinazoiva kabla ya siku ya kulipa.

Zikabaki 240,000. Hizo, na hizo tu, ndizo mfuko wake unaweza kuzihatarisha kwa miaka mingi bila mtu kukosa chakula wala chuo. Kati ya 600,000 ambazo fomu ilitaka kuzipeleka sokoni, zaidi ya nusu hazikuwa zake za kuchezea. Tena hatukuwa tumeigusa roho hata kidogo. Hesabu ya mfuko ni karatasi na ukweli, basi.

Roho ndiyo ngumu. Haina tarakimu ya kusoma, na ukiiuliza inajibu kama inavyotaka kuonekana. Mpwa wangu alijaza fomu yake katika miezi ambayo bei zilikuwa zikipanda, ameketi kwenye kiti kizuri, mbele ya kijana mtanashati wa dalali. Nani atasema mbele ya huyo kwamba ataogopa? Na lile swali la asilimia 20 lenyewe lina kasoro: asilimia haiumi. Hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa sababu ya asilimia. Kinachouma ni shilingi, na shilingi nayo huuma zaidi ukiigeuza kuwa siku ulizoamka alfajiri kuitafuta.

Kwa hiyo nilimfanyia hesabu nyingine. Hisa za nchi hii zimewahi kupoteza zaidi ya nusu ya bei. Ya 2008 nilimwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe. Basi tuchukulie nusu. Ukiweka zote 240,000, siku moja utafungua simu na kuona 120,000. Wewe huweka akiba 10,000 kwa mwezi. Hiyo iliyopotea ni mwaka mzima wa kutandika vitanda vya watu, umefutika. Na ili urudi ulipokuwa, bei haitoshi kupanda kwa nusu kama ilivyoshuka kwa nusu. Lazima iwe maradufu. Hakuna anayekuahidi kwamba itakuwa hivyo mwaka ujao, wala mwaka wa tano.

Alinyamaza. Aliyakoroga majani ya chai chini ya kikombe kwa muda.

Nilimwambia asinijibu kwa maneno, anipe kitu alichokwisha kukifanya. Roho hupimwa kwa kumbukumbu. Akasimulia habari ya kuku. Mwaka 2022 yeye na mwenzake wa kazini walitoa 30,000 kila mmoja wakafuga kuku wa nyama huko Ukunda. Kideri kikaingia bandani, kikawamaliza karibu wote ndani ya siku chache. Nikamuuliza ulifanya nini. Alilia siku moja, akaosha banda, akamlaumu mwenzake kimoyomoyo ila hakumwambia, na baada ya miezi miwili akanunua vifaranga wengine. Nikamuuliza: ingekuwa 60,000? Akafikiri. Angelia wiki, alisema, na huenda angemwambia mwenzake yale aliyoyaficha, lakini angerudi. Na 120,000?

“Hapo, Mjomba, ningeacha kufuga. Na urafiki ningeacha.”

Jibu hilo lina thamani kuliko maswali kumi ya fomu. Kama hasara ya mwisho anayoweza kuibeba bila kukimbia ni 60,000, na tunaogopa bei kushuka kwa nusu, basi kiasi cha kuweka ni 120,000. Mfuko ulisema 240,000, roho ikasema 120,000, na tukachukua kilicho kidogo. Nusu nyingine ikaenda kwenye hatifungani za serikali, ambazo hulipa riba kila baada ya miezi sita na hazimwamshi mtu usiku.

Iwapo kugawa nusu kwa nusu kunaonekana hesabu ya mzee wa barazani, basi kuna mwenzetu mkubwa. Harry Markowitz, Mmarekani aliyeandika mwaka 1952 namna ya kupima hatari za hisa kwa hesabu na baadaye akapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1990, alisimulia kwamba akiba yake mwenyewe ya uzeeni aliigawa nusu hisa, nusu hatifungani. Hakutumia kanuni zake. Aliwaza jinsi atakavyojuta hisa zikipanda naye hayumo, na jinsi atakavyojuta zikianguka naye yumo, akaamua kuyagawa majuto. Mtu huyo aliijua roho yake.

Kuchukua kilicho kidogo hakumaanishi kwamba mfuko na roho vina haki sawa. Pale roho inapozidi mfuko, kama kwa binamu, hakuna mazungumzo. Mfuko unatiiwa leo na kesho, kwa maana ujasiri haulipi karo. Tena roho ngumu ina hatari yake peke yake: humfanya mtu angoje kisichorudi. Waliozishikilia hisa za kampuni ya sukari ya Mumias kwa imani ya chuma waliona bei ikiyeyuka mwaka baada ya mwaka, hadi 2019 kampuni ilipokabidhiwa mrasimu asimamie mali yake kwa niaba ya wadai. Kutouza wakati huo hakukuwa ushujaa. Anayesema yeye hauzi kamwe ajiulize kwanza kama amewahi kusoma hesabu za kampuni yake, au anangoja tu bei aliyonunulia irudi ili asikiri kwamba alikosea.

Pale mfuko unapoizidi roho, kama kwangu, roho inatiiwa kwa sasa lakini haiachwi ilale. Nayajua haya kwa gharama. Baada ya 2009 niliapa kutorudi sokoni, nikaziacha zile 60,000 na kila nilichoongeza kwenye akaunti ya kawaida ya benki kwa miaka minne. Niliona tarakimu haishuki, nikajiona salama. Lakini Novemba 2011 mfumko wa bei nchini ulikaribia asilimia 20, na riba niliyopewa na benki haikufika hata robo ya hapo. Fedha zangu zilikuwa zikiliwa kimyakimya. Hasara ile haikuwa na ukurasa gazetini, kwa hiyo sikuiona, kwa hiyo haikuniuma. Hilo ndilo tatizo la roho kama kipimo: hupiga kelele kwa hasara inayoonekana na kunyamaza mbele ya inayojificha. Daniel Kahneman na Amos Tversky, wanasaikolojia walioandika kuhusu jambo hili mwaka 1979, walionyesha kwamba hasara huuma zaidi ya faida ya kiasi kile kile inavyofurahisha, na vipimo vyao vya baadaye viliiweka tofauti hiyo kuwa karibu mara mbili. Kwa jinsi nilivyokuwa 2009, mimi ningesema mara tano.

Nilirudi sokoni 2013, kwa shilingi 10,000. Zikashuka, nikakaa. Mwaka uliofuata nikaongeza. Roho hukomaa hivyo, kwa kupata hasara ndogo kisha kuona kwamba jua limechomoza vilevile. Nilijiwekea pia sharti la kutazama bei mara moja kila miezi mitatu. Anayetazama kila siku, hata kwa hisa nzuri, huona siku za kushuka karibu sawa na za kupanda, na kwa kuwa kushuka huuma maradufu, moyo wake huandika hasara tupu hata mwaka ukiisha na faida. Zamani gazeti lilikuwa na adabu ya kuja mara moja kwa siku. Simu haina.

Kuna jambo moja sikumshauri mpwa wangu kwa sababu bado hajaolewa, ila nitalisema hapa. Fedha ya nyumba ina roho mbili. Binamu yangu aliipima ya kwake, akaiona kubwa, akasahau kwamba atakayemkuta mtoto mlangoni na begi lake, karibu saa nne asubuhi, si yeye. Walipatana baadaye. Lakini tangu siku hiyo robota halinunuliwi Kongowea kabla shemeji hajasikia bei.

Mpwa wangu alinunua hisa zake Oktoba. Wiki ya tatu zikashuka, si sana, lakini nilijua ni kiasi gani kwa shilingi. Jumapili akapiga simu. Nikajiandaa kumtuliza, nilikuwa nimepanga hadi maneno. Alizungumza kuhusu mdogo wake aliyemaliza kulipiwa chuo, kuhusu wageni wa Desemba walioanza kuweka nafasi, kuhusu mguu wa mama yake. Tulipokuwa tukiagana ikabidi nimuulize mimi.

“Na hisa?”

“Sijaangalia, Mjomba. Si ulisema miezi mitatu? Kwani wewe umeangalia?”

Nilikuwa nimeangalia asubuhi hiyo. Mara mbili.